Nani Amelala? Siku Sita kutoka Bagamoyo hadi Pangani

Siku ya 1. Bagamoyo, soko la samaki

Mnada wa asubuhi ulikuwa na pono wengi: wa kijani, wa buluu, mmoja mwekundu wa kahawia mwenye mdomo kama wa kasuku. Mama muuzaji alipoambiwa safari hii inahusu wanyama wanavyolala, alicheka. "Basi mmeanzia panapostahili, wanangu. Si mnasikia mtu akiambiwa ana usingizi wa pono?"

Msemo huo una ukweli wake. Jua likizama pono hujipenyeza kwenye tundu la mwamba, na baadhi ya aina zake hutoa ute mdomoni unaotanda mpaka ukamfunika mwili mzima kama chandarua. Mzamiaji anaweza kumsogelea kwa kurunzi karibu kabisa bila yeye kukurupuka. Ule ute nao unafanya kazi ya chandarua hasa: watafiti walipouondoa, pono waliobaki wazi walishambuliwa usiku na vidudu vidogo vya baharini vinavyofyonza damu kuliko wale waliofunikwa.

Lakini pono hana kope. Macho yake yako wazi usiku kucha, na hapo ndipo linapoanza swali la safari nzima: kama macho hayasemi kitu, unajuaje kwamba mnyama amelala?

Wanaochunguza usingizi bila kumfunga mnyama vifaa huangalia mambo manne. Kwanza, anatulia katika mkao fulani ambao hurudiwa kila anapolala. Pili, anachelewa kuitikia. Sauti ambayo mchana ingemshtua, sasa inampita. Tatu, ukimgusa au ukiongeza sauti, anarudi katika hali yake mara moja, na hilo ndilo linalotofautisha usingizi na kuzimia au ganzi ya baridi. Nne, akinyimwa, hulipa deni: hulala zaidi baadaye. La nne haliwezekani kupimwa porini, kwa hiyo tulibeba matatu.

Vifaa vilikuwa vichache. Darubini mbili, saa yenye sekunde, madaftari, na kurunzi iliyofungwa karatasi nyekundu ya nailoni tabaka mbili, kwa sababu wanyama wengi wanaonyonyesha huuona mwanga mwekundu hafifu kwa shida kuliko mweupe. Mwanga mweupe unaharibu kila kitu: unadhani unatazama usingizi, kumbe unatazama mnyama anayekutazama.

Siku ya 2. Saadani, mchana

Saadani ni hifadhi ya taifa inayofika hadi ufukweni; unaweza kuona nyayo za nyani juu ya mchanga wenye chumvi. Twiga wako bara kidogo, kwenye mbuga zenye migunga. Tulifika saa 6 mchana, jua la utosi, na hiyo haikuwa bahati mbaya. Twiga husinzia mchana pia, hasa kati ya saa 6 na saa 10, na wageni wengi humpita bila kujua, kwa kuwa husinzia amesimama.

Askari wa hifadhi aliyetuongoza alitupa njia yake. "Dada, usitazame macho. Tazama masikio."

Ni njia nzuri. Twiga aliye macho hatulizi masikio. Moja huenda mbele, jingine nyuma, hufukuza inzi, huelekea kwenye kila mlio. Anaposinzia, masikio husimama. Kisha shingo, ambayo kwa kawaida huinuliwa vizuri, huteremka kidogo na kulegea. Kope hushuka nusu. Mkia nao hutulia. Alama hizi zikija pamoja, na mnyama hatafuni, andika usingizi mwepesi.

"Hatafuni" ndilo neno la kushika. Kosa linalofanywa zaidi ni kuchanganya kusinzia na kucheua. Twiga anayecheua naye amesimama kimya, macho ameyalegeza, unaapa kwamba kalala. Tazama koo kwa darubini: tonge linapanda kama mpira mdogo chini ya ngozi, taya linasaga upande kwa upande kwa muda, kimya kifupi, tonge linashuka, na jingine linapanda. Kimya hicho kifupi cha katikati ndicho kinachodanganya. Kwa hiyo kanuni ya daftari letu ilikuwa: usiandike "amesinzia" mpaka dakika 1 kamili ipite bila taya kusogea.

Kwa saa mbili, katika kundi la twiga saba, tuliandika vipindi vinne vya kusinzia, kirefu kati ya hivyo kikiwa cha dakika 6. Hakuna hata mara moja waliposinzia wote saba kwa pamoja.

Siku ya 3. Saadani, usiku

Usiku hauruhusiwi kuzungukazunguka na gari hifadhini kwa hiari yako, wala kutembea kwa miguu bila askari mwenye silaha. Tulikaa palepale kambini, kwenye baraza, mbalamwezi ikiwa imepita nusu, na twiga jike mmoja kijana akilisha mita 80 hivi kutoka uzio. Askari alikaa nasi.

Kabla ya kusimulia yaliyoandikwa, ni vizuri kueleza kinachotafutwa. Twiga hulala kwa namna tatu. Ya kwanza ni ile ya mchana, amesimama. Ya pili, amejilaza na miguu imekunjwa chini ya kiwiliwili, lakini shingo ingali wima. Usingizi ni mwepesi, na mara nyingi huingiliana na kucheua. Ya tatu ndiyo ya ajabu: shingo yote inapinda nyuma kama mpini wa kikapu, na kichwa kinalazwa juu ya paja la nyuma au ardhini kando yake. Huo ndio usingizi mzito wa ndoto, ule ambao macho huchezacheza chini ya kope na misuli hulegea. Shingo ya twiga haiwezi kusimama yenyewe misuli ikilegea, ndiyo maana lazima apate pa kuiegemeza. Kwa mtazamaji ni zawadi: kwa wanyama wengi unahitaji waya kichwani kujua kama usingizi umefika huko, kwa twiga unahitaji macho yako tu.

Haya ndiyo yaliyoandikwa kati ya saa 3 na saa 5 usiku.

Saa 3:09 jike alianza kujilaza. Alikunja miguu ya mbele kwanza, akapiga magoti, akakaa hivyo kidogo kama anayefikiri upya, halafu akateremsha sehemu ya nyuma. Saa 3:11 alikuwa chini, shingo wima, anacheua. Saa 3:29 taya lilisimama. Masikio yaliendelea kuzunguka kwa dakika chache, yakapunguza, yakatulia. Saa 3:38 shingo ilipinda nyuma na kichwa kikatua. Saa 3:41 kikainuka ghafla, masikio mbele, bila sababu tuliyoisikia sisi. Akacheua tena. Saa 4:06 kichwa kilirudi pajani, saa 4:09 kikainuka. Mara ya tatu ilikuwa saa 4:32 hadi 4:34. Fisi alilia upande wa mto, na kabla mlio haujaisha shingo ilikuwa wima. Hakusimama. Saa 4:51 ndipo aliposimama: alirusha shingo nyuma kisha mbele kupata msukumo, akainuka kwa magoti, akasukuma nyuma juu, mwisho akanyoosha miguu ya mbele.

Jumla ya usingizi mzito kwa saa mbili: dakika 8, katika vipande vitatu.

Sasa fanya hesabu hiyohiyo kwa njia ya uvivu. Kama tungetazama kila baada ya dakika 15, yaani saa 3:15, 3:30, 3:45 na kuendelea, tusingekuta kichwa kimelazwa hata mara moja. Daftari lingesema: usingizi mzito, sifuri. Tungetazama kila dakika 5, tungemkuta mara moja, saa 3:40, na tukihesabu alama hiyo kuwa dakika 5 tungekosa vipande viwili vizima na bado tungepata tarakimu inayoonekana ya heshima. Usingizi unaokuja kwa vipande vya dakika mbili tatu hauhesabiki kwa kuchungulia. Ama utazame dakika kwa dakika, ama urekodi video.

Hapa ndipo inapotoka pia ile hadithi inayorudiwa kwamba twiga hulala nusu saa tu kwa siku. Ukihesabu mkao wa kichwa pajani peke yake, ukaacha kusinzia kwa wima na kule kujilaza shingo ikiwa juu, lazima upate kitu kidogo sana. Utafiti uliochapishwa 1996, wa Irene Tobler na mwenzake, ulifuata twiga 8 wa bustani ya wanyama kwa usiku 152, ukahesabu namna zote tatu. Wastani ulikuwa saa 4.6 kwa siku. Usingizi wao ulianza kiasi cha saa 2 usiku na kuishia saa 1 asubuhi, ukiwa na pengo katikati: kati ya saa 8 na saa 10 usiku walikuwa macho zaidi. Tofauti ni kwamba wale walikuwa nyuma ya ukuta, bila simba. Wa porini ana kila sababu ya kulala kidogo kuliko hao, hivyo tarakimu ile isibebwe ikapachikwa juu ya twiga wa Saadani.

Na sababu yenyewe mliiona hapo juu, kwenye kusimama. Mnyama mrefu namna ile, aliyekunja miguu minne chini yake, hana njia ya mkato ya kuinuka. Lazima apitie magoti, nyuma, kisha mbele. Kwa hatua hizo zote simba aliye karibu ameshafika. Usingizi mwepesi wa wima haumgharimu kitu. Usingizi mzito unamlazimu kulala chini, na kulala chini ndiko kunakoua. Basi anaununua kwa rejareja.

Saa 8 usiku, kama kwamba amesoma utafiti, jike lilikuwa limesimama linalisha. Askari akasema, "Nendeni mkalale nyinyi sasa."

Siku ya 4. Barabarani kuelekea Pangani

Siku ya vumbi, na hakuna mengi. Kinyesi cha tembo barabarani, kikavu, wenyewe hawakuonekana.

Tembo wanastahili aya moja hata hivyo, kwa ajili ya ujanja uliotumika kuwapima. Chobe, Botswana, watafiti waliwapandikizia majike wawili viongozi kifaa cha kupimia mwendo ndani ya mkonga, chini ya ngozi. Mkonga wa tembo aliye macho hautulii, kama masikio ya twiga; ukikaa kimya dakika 5 au zaidi, amelala. Matokeo yalichapishwa 2017: wastani wa saa 2 hivi kwa siku, na siku nyingine walitembea karibu saa 46 bila kulala kabisa. Mara nyingi walilala wamesimama, na kujilaza chini kulitokea kila baada ya siku tatu au nne. Tembo wawili ni wachache, na wote ni viongozi wenye familia ya kulinda, kwa hiyo dume mpweke anaweza kuwa na hesabu nyingine.

Tulivuka mto Pangani jioni.

Siku ya 5. Pangani, baharini

Majira ni ya tangambili, kaskazi imekwisha na kusi haijashika, bahari shwari asubuhi. Nahodha, mzee wa makamo aliyezaliwa Pangani, aling'oa nanga saa 12 na nusu kuelekea fungu la Maziwe, lile la mchanga linaloibuka maji yakitoka na kuzama yakijaa. Tuliwakuta pomboo saa 2 kasoro robo, kabla ya kulifikia fungu: sita wakubwa na mtoto mmoja ubavuni mwa mama.

Nahodha alizima mashine mwenyewe bila kuambiwa. "Hawa wamelala," akasema.

Walikuwa wanaogelea.

Twiga hulala vipande vipande kwa sababu ya ugumu wa kuinuka. Pomboo ana shida kubwa kuliko hiyo: pumzi yake si ya kujiendea yenyewe kama yetu. Kila pumzi ni tendo. Lazima apande juu, afungue tundu la pumzi lililo utosini, avute, afunge, azame. Jambo hili lilijulikana kwa ubaya. Mwaka 1955, Florida, John Lilly na wenzake walijaribu kuwapiga pomboo dawa ya usingizi kama anavyopigwa mgonjwa wa upasuaji, na pomboo wakaacha kupumua, wakafa. Ubongo wote ukizimwa, hakuna anayefungua tundu.

Jibu lilipatikana kwa Wasovieti miaka ya 1970. Lev Mukhametov na wenzake waliweka elektrodi kwenye ubongo wa pomboo wa Bahari Nyeusi, kulia na kushoto, wakarekodi mawimbi ya umeme wakiwa wanaogelea bwawani. Ubongo uliolala usingizi mzito usio wa ndoto hutoa mawimbi makubwa ya polepole. Ulio macho hutoa madogo ya haraka. Waliyoyaona ni mawimbi makubwa upande mmoja, na upande wa pili, wakati uleule, mawimbi ya mnyama aliye macho. Baada ya saa moja hivi au zaidi, pande hubadilishana zamu.

Jicho hufuata kinyume. Neva za macho za pomboo huvuka karibu zote kwenda upande wa pili, hivyo nusu ya kushoto ikilala, jicho la kulia ndilo hufumba, na la kushoto hubaki wazi. Kuna jaribio moja linaloondoa shaka kwamba kila nusu ina usingizi wake. Watafiti walimwamsha pomboo kila mara nusu moja ilipoanza kulala, wakaiacha nyingine ilale ishibe. Alipoachwa huru, nusu iliyonyimwa ndiyo iliyolipa deni; ile iliyoshiba haikudai kitu. Ile alama ya nne ya sokoni Bagamoyo, hapa imepimwa ndani ya kichwa kimoja.

Usingizi wa ndoto, ule wa shingo pajani, haujaonekana waziwazi kwa pomboo. Ni jambo linaloeleweka: usingizi ule hulegeza misuli, na pomboo asiyepiga mkia hapandi juu.

Sasa, elektrodi hatuna, na jicho la pomboo baharini halionekani. Nini kilimfanya nahodha aseme wamelala? Tulimwomba ataje anachotazama, tukakilinganisha na daftari. Walikuwa wamebanana, pengine urefu wa mwili mmoja kati ya mmoja na mwenzake. Walikwenda taratibu, mstari mmoja, bila kurudi wala kuchepuka. Hakuna aliyeruka, hakuna aliyepiga mkia juu ya maji, hakuna samaki aliyekimbizwa. Na zaidi ya yote, walipanda pamoja: migongo sita ndani ya sekunde mbili tatu, pumzi tatu au nne, kisha kimya chini, kisha pamoja tena. Tuliwafuata kwa macho dakika 41, na mpangilio haukuvunjika.

Tahadhari moja. Pomboo wanaosafiri nao hubanana na kupumua pamoja. Tofauti ni mwendo: wanaosafiri wanamwacha mtu wa ngalawa, hawa ngalawa isiyo na upepo ingewafikia. Na hata mwendo ukikubali, neno la haki kuandika ni "wanapumzika". Nani kati yao nusu ipi imelala, kutoka kwenye mashua huwezi kusema.

Jicho lililo wazi linatazama nini? Mtu angedhani linatazama nje, kumsubiri papa. Kwa bata ndivyo: nao hulala nusu nusu, na bata aliye pembeni mwa safu hufumbua jicho la upande wa nje. Lakini pomboo wa jamii moja ya Pasifiki waliochunguzwa wakizunguka bwawani walielekeza jicho wazi kwa wenzao. Inaonekana kazi yake kubwa ilikuwa kutopotezana. Nahodha hakushangaa. "Usiku tukivua dau mbili, mimi namtazama mwenzangu. Bahari nitaitazama nini, naijua."

Yule mtoto hakuwa mchanga sana. Alikuwa akipumua kwa zamu yake, mara moja zaidi ya mama. Wachanga kabisa ni habari nyingine: katika mwezi wa kwanza, watoto na mama zao waliofuatiliwa mabwawani walikuwa mwendoni karibu saa zote.

Siku ya 6. Pangani, baharini tena

Tuliwakuta saa 3 asubuhi, karibu na mahali pale pale, safari hii watano, wamebanana, taratibu. Saa 3:20 ilikuja mashua nyingine yenye wageni, ikakata mbele yao kwa kasi, watu wawili wakaruka majini na miwani.

Kilichofuata kiliandikwa kwa sekunde. Pumzi ya pamoja ilivunjika kwanza, kabla hata hawajageuka: mmoja akapanda peke yake, wawili wakachelewa. Kisha kundi likageuka upande, likazama kwa muda mrefu kuliko wowote tuliouandika jana, likaibuka mbali, limetawanyika. Mmoja akapiga mkia juu ya maji. Wageni walishangilia, walidhani wanachezewa. Utafiti uliofanywa kusini mwa Unguja, uliochapishwa 2010, ulionyesha jambo hilihili kwa wingi: mashua za watalii zikiwepo, pomboo hupunguza muda wa kupumzika na kula.

Anayetaka kuwaona bila kuwaamsha asikate mbele yao wala asiwafuate kwa nyuma. Akae ubavuni, sambamba, mita 50 au zaidi, mashine polepole au izimwe, asibadili mlio wake ghafla. Pumzi zikianza kupishana, umekwisha kuwakaribia mno. Rudi nyuma kabla hawajageuka. Na mtu asiruke majini mbele ya kundi linalopumua pamoja.

Ile mashua iliondoka saa 3:45. Sisi tulibaki mbali, mashine imezimwa. Kwa muda kila mmoja alipumua kivyake. Saa 4:12 wawili walipanda pamoja. Saa 4:19 walikuwa wanne. Wa tano alijiunga saa 4:26, na nahodha akasubiri wapande mara mbili zaidi, migongo mitano kwa pamoja, ndipo akashika kasia.